Chumba Kibamba au Magomeni? Ulinganisho kwa anayefanya kazi Posta

Umepata kazi Posta, Dar es Salaam, na dalali ameshakuonyesha vyumba viwili. Kimoja kipo Kibamba, kodi yake shilingi 80,000 kwa mwezi. Kingine kipo Magomeni, kodi yake 180,000. Vyote ni masta, yaani choo na bafu vimo humo humo ndani. Tofauti ya laki moja kila mwezi ni kubwa kwa mtu anayeanza maisha, na wengi huishia hapo hapo: wanachukua cha Kibamba, kisha baada ya miezi miwili wanajiuliza pesa inakwenda wapi. Wengine hukimbilia Magomeni kwa kuogopa foleni, wakati hali yao ingewafaa zaidi kukaa mbali.

Nimechagua maeneo haya mawili kwa sababu yote yapo kandokando ya Barabara ya Morogoro, kwa hiyo safari ni ile ile, ila mmoja anaipanda yote na mwingine anaipanda kipande. Anayelinganisha Chanika na Ilala, au Mbagala na Kariakoo, atumie njia hii hii kwa kubadilisha tarakimu. Bei nilizoweka ni za mfano, ziwe karibu na hali halisi. Weka za kwako.

Mambo ya kupima

Kabla ya kutazama chumba chochote, kubali kwanza vipimo vyako, la sivyo utavutiwa na vigae vya sakafuni ukasahau mengine. Mimi napima mambo manne. La kwanza ni gharama yote ya mwezi: kodi, nauli, na kile unacholazimika kula nje kwa sababu ya saa unazotoka na kurudi. La pili ni pesa ya kuingilia, ile unayotakiwa kuwa nayo mkononi siku ya kukabidhiwa ufunguo. La tatu ni muda wa njiani pamoja na uhakika wa kufika, hasa siku ya mvua. La nne ni maisha yenyewe ndani ya nyumba: maji, umeme, nafasi, kelele, na usalama wa kurudi usiku.

Hesabu kila kipimo kwa vyumba vyote viwili, na viwe vyumba vya hadhi moja. Kulinganisha masta ya Kibamba na chumba cha choo cha nje cha Magomeni hakukuambii lolote kuhusu umbali.

Chumba cha Kibamba

Gharama ya mwezi. Kodi ni 80,000. Kutoka Kibamba unapanda daladala hadi Mbezi au Kimara, tuseme 600, kisha mwendokasi hadi Posta kwa 750. Hiyo ni 1,350 kwenda, na 2,700 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi unapata 59,400. Kodi na nauli jumla ni 139,400, na hapo Kibamba bado inaonekana nafuu kabisa.

Sasa uliza chumba kipo wapi hasa ndani ya Kibamba. Dalali atakwambia, "Dada, hapa na barabarani ni dakika kumi tu." Dakika kumi za nini? Mara nyingi ni za bodaboda. Vyumba vinavyoiangalia barabara kuu vina bei yake. Vile vya 80,000 vimeingia ndani, huko ambako njia ni ya vumbi na mchanga. Bodaboda ikiwa 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, kwa siku 22 ni 44,000 nyingine. Jumla imefika 183,400.

Bado kuna chai. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi ofisi saa mbili, ni nadra kupika na kula kwanza. Anakunywa mjini: chai na chapati mbili, au supu siku ya mshahara. Ukiweka 1,500 tu kwa siku, mwezi unakula 33,000, na Kibamba yako imefika 216,400. Sitii humo siku unazochelewa kutoka ofisini ukanunua chipsi kwa kuwa kuwasha jiko saa tatu usiku kunachosha.

Lakini tazama upande wa pili kwa haki. Anayetembea kwa miguu hadi barabarani na kubeba chai yake kwenye chupa anabaki kwenye 139,400 ile ile. Kati ya wapangaji hawa wawili wa mtaa mmoja kuna tofauti ya 77,000 kila mwezi. Ndiyo maana nasema kinachoamua unafuu wa chumba cha mbali ni kipande cha kutoka lami hadi mlangoni kwako, kuliko kilomita zote za Barabara ya Morogoro.

Pesa ya kuingilia. Hapa Kibamba inashinda waziwazi. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Miezi sita ya 80,000 ni 480,000. Ongeza 80,000 ya dalali, unahitaji 560,000. Baadhi ya wenye nyumba wa pembezoni hukubali hata miezi mitatu, hasa chumba kikiwa kimekaa muda bila mtu.

Muda na uhakika wa kufika. Asubuhi kadiria saa moja na nusu hadi mbili kutoka mlangoni hadi ofisini, na jioni saa mbili au zaidi. Basi la mwendokasi lenyewe likishaingia kwenye njia yake linakwenda vizuri. Muda unaliwa kabla ya hapo: kusubiri bodaboda, kugombania daladala, kupanga foleni ya tiketi, kisha kuyaacha mabasi mawili matatu kwa kuwa yamefika yamejaa. Kila unapobadilisha gari unaanza kusubiri upya, kwa hiyo ukilinganisha vyumba hesabu idadi ya magari ya kubadili kabla ya kuhesabu kilomita. Chumba cha mbali chenye gari moja la moja kwa moja kinaweza kumchosha mtu kidogo kuliko cha karibu chenye magari matatu.

Wakazi wa pembezoni wana mbinu yao, nayo ina gharama. Mtu anapanda daladala likiwa bado linaelekea mwisho wa kituo, anakaa kwenye kiti, analipa, kisha anageuza nalo na kulipa tena safari ya kurudi. Amepata kiti, lakini nauli imekuwa mara mbili. Ukijijua huwezi kusimama kwa muda mrefu, au una ujauzito, au mgongo unakusumbua, ingiza kugeuza kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Maisha ya nyumbani. Kwa 80,000 unapata chumba kikubwa, dirisha linaloingiza hewa, na mara nyingi uwanja wa kuanika nguo au kupanda mchicha. Usiku ni kimya. Nyumba nyingi huko ni mpya, na ni rahisi zaidi kukuta kila mpangaji ana mita yake ya LUKU. Maji uliza vizuri: bomba lipo au ni kisima cha mwenye nyumba, na mgao ukija maji yanatoka siku gani. Kwa sababu unaondoka gizani na kurudi gizani, chumba ambacho maji yake yanatoka saa nne asubuhi tu kinakutaka uwe na jirani wa kukukingia ndoo.

Jambo la kulitazama kwa uzito ni kurudi usiku. Njia ya ndani isiyo na taa, saa tatu usiku, inampa mtu hofu ya kweli, na kwa wanawake wengi hiyo ndiyo sababu ya kupanda bodaboda hata pale ambapo mchana wangetembea. Basi 1,000 ya jioni usiihesabu kama anasa.

Chumba cha Magomeni

Gharama ya mwezi. Kodi ni 180,000. Nauli ni 750 kwenda na 750 kurudi, 1,500 kwa siku, ambayo kwa siku 22 ni 33,000. Jumla 213,000. Chai unaweza kunywa nyumbani, maana ukitoka saa moja na robo bado unawahi. Linganisha sasa: 213,000 ya Magomeni na 216,400 ya yule wa Kibamba anayepanda bodaboda na kula mjini. Ile laki moja imeyeyuka yote. Ukilinganisha na mtembea kwa miguu wa Kibamba, yeye anaokoa 73,600 kila mwezi, yaani 441,600 kwa miezi sita. Kwa mtu anayelipa ada ya mdogo wake, hizo si pesa za kupuuza.

Magomeni nako kuna gharama zinazojificha. Ukikaa karibu na mjini, nyumba yako inakuwa ndiyo ya kufikia. Ndugu anayekuja kutibiwa Muhimbili, shangazi anayepita Kariakoo kununua mzigo, kijana anayetafuta kazi: wote watalala kwako, na huwezi kuwaambia ni mbali. Ni jambo jema, nami nalisema ili uliweke kwenye bajeti ya unga na mchele.

Pesa ya kuingilia. Miezi sita ya 180,000 ni 1,080,000, pamoja na ya dalali 180,000, unahitaji 1,260,000. Hii ni zaidi ya mara mbili ya Kibamba, na kwa walio wengi mjadala unaishia hapa, hata kama hesabu ya mwezi inakaribiana. Kukopa pesa hii kwa riba ili ukae karibu na kazi ni kuongeza kodi kwa mlango wa nyuma. Kama kikundi chenu cha kuchangishana kinaweza kukupa zamu ya mapema, au mwenye nyumba anakubali mitatu mitatu, hali inabadilika.

Muda na uhakika wa kufika. Siku ya kawaida ni nusu saa, pengine dakika arobaini pamoja na kusubiri. Ukiwa Magomeni, tatizo la asubuhi ni kwamba mabasi yanayotoka Kimara yanafika kituoni kwako yameshajaa, kwa hiyo wa karibu anasimama kituoni huku wa mbali amekaa kwenye kiti. Ila wewe una njia nyingine: daladala, bajaji ya kuchangia, hata miguu ukiamua.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi husahau Jangwani. Kati ya Magomeni na mjini kuna bonde la mto Msimbazi, na mvua kubwa za masika, Machi hadi Mei, au za vuli kuanzia Oktoba, zinaweza kujaza bonde hilo mpaka Barabara ya Morogoro ifungwe pale Jangwani. Ikifungwa, mwendokasi wa kwenda mjini husimama upande wa huku. Kwa hiyo Magomeni ni karibu na Posta kwa ramani, lakini ipo ng'ambo ya mto. Wa Kibamba na wa Magomeni wanakwama wote wawili. Tofauti ni kwamba wa Magomeni anaweza kuzungukia Kinondoni na kupita Daraja la Salenda, akafika amechelewa saa moja, au akarudi nyumbani kwa miguu. Wa Kibamba anaweza kujikuta Magomeni saa tatu asubuhi, mbali na kwao na mbali na ofisi. Kama mwajiri wako hasikilizi habari za mvua, na pesa unayo, chumba cha upande wa mjini, Ilala au Kariakoo, kina thamani ambayo Magomeni haina.

Maisha ya nyumbani. Kwa 180,000 usitarajie nafasi kubwa. Kitanda, kabati, meza ya jiko, basi. Nyumba ina wapangaji wengi, watoto wanacheza koridoni, na wikendi mtaa unaweza kupigiwa muziki hadi alfajiri. Joto nalo ni kali, hasa chumba chenye dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Faida ni kwamba kila kitu kipo mlangoni: genge, duka la dawa, mama lishe, fundi wa viatu, na watu barabarani hadi usiku, jambo linalopunguza hofu ya kurudi.

Umeme uliza mapema. Nyumba nyingi za zamani zina LUKU moja ya wote, na mchango unagawanywa kwa vichwa au kwa vitu. Wewe unayeshinda kazini unaweza kujikuta unachangia friji ya mwenzako. Kitu cha pili ni maji ya mafuriko. Sehemu za Magomeni zinazoteremkia bondeni hujaa, na chumba ambacho kodi yake imeshuka ghafla kuliko majirani wa juu mara nyingi kina sababu. Angalia chini ya ukuta wa nje: mstari wa tope uliolingana nyumba hadi nyumba, rangi iliyobanduka kwa kimo kimoja, milango ya mbao iliyooza chini tu, kizingiti kilichoongezwa tofali. Ukiona rangi mpya chini pekee, waulize majirani maji ya mwisho yalifika wapi. Watakuonyesha kwa mkono.

Kabla ya kulipa

Chumba cha mbali kipime kwa kukifanyia safari yake Jumatatu, uwe barabarani saa kumi na mbili kasorobo. Safari ya Jumamosi mchana na dalali haina maana yoyote. Kisha tembea mwenyewe kutoka lami hadi mlangoni ukiangalia saa, na ujiulize kama ungeipita njia hiyo saa tatu usiku. Uliza bodaboda wa kijiweni bei ya siku ya mvua, maana njia ikiwa tope bei hupanda na wengine hawaingii kabisa.

Chumba cha karibu kipime usiku. Nenda Jumamosi saa nne usiku, usimame nje robo saa. Rudi mvua ikinyesha kama unaweza.

Kote kuwili, pesa ya kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya shahidi, na mkataba uandikwe miezi mingapi imelipwa, LUKU inagawanywaje, na ukihama kabla ya muda kodi iliyobaki inakuwaje. Dalali mlipe ya kwake baada ya kukabidhiwa ufunguo.

Nani achukue kipi

Kama unaanza kazi na mkononi una laki sita, Kibamba ndiyo inayowezekana. Itafute iliyo karibu na lami hata kama kodi ni 100,000: kuongeza 20,000 kwenye kodi ili ufute 44,000 za bodaboda kunakubakishia 24,000 kila mwezi. Kaa miezi sita, weka akiba, uamue upya.

Kama una mke au mume na watoto, nafasi na hewa vya pembezoni vina uzito, na kwa pesa ya masta ya Magomeni unapata vyumba viwili na sebule Kibamba. Ila hesabu ni ya familia nzima: ikiwa wote wawili mnafanya kazi mjini, nauli inazidishwa mara mbili wakati kodi inabaki moja, na mtoto atahitaji mtu wa kukaa naye mpaka saa mbili usiku. Mmoja akifanya kazi huko huko, kwa mfano mwalimu wa shule ya Mbezi, mbali panawafaa sana.

Kama kazi yako ni ya zamu, muuguzi, mlinzi, mpishi wa hoteli, anayetoka saa nne usiku au kuingia alfajiri, kaa karibu. Usafiri wa saa hizo ni wa shida, na bodaboda ya kutoka mjini hadi Kibamba usiku mmoja inaweza kula nauli ya siku kadhaa.

Kama una kazi ya pili ya jioni, kushona, kufundisha tuisheni, kusuka, pima saa unazookoa. Magomeni inakurudishia kama saa mbili na nusu kwa siku, ambazo kwa mwezi zinafika hamsini na tano. Ukiziingizia kipato hata kidogo, tofauti ya kodi inajilipa. Kama jioni yako ni ya kupumzika tu, saa hizo bado ni zako, lakini usizihesabu kama pesa.

Kama unaingia ofisini siku mbili tatu kwa wiki, hesabu yote inageuka. Kwa siku 10 za mwezi, nauli, bodaboda na chai vya Kibamba ni 62,000, jumla 142,000 pamoja na kodi, wakati Magomeni inabaki 195,000. Hapo mbali kuna nafuu ya wazi.

Na kama upo katikati, pesa ya Magomeni huna na safari ya Kibamba huiwezi, tafuta kandokando ya njia ile ile: Manzese, Ubungo, Kimara. Kimara Mwisho ndipo mabasi mengi ya mwendokasi yanapoanzia, kwa hiyo asubuhi una nafasi ya kukaa kwenye kiti, na safari yako ni ya gari moja. Uliza kwanza chumba kipo umbali gani kutoka kituoni, kwa sababu Kimara ina vilima, na dakika kumi za dalali zipo huko pia.